Pengo Linalodai Kumbukumbu: Mazoezi ya Kujaza Mapengo na Udumishaji wa Msamiati wa Kiswahili kwa Wajifunzaji Wageni

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini mjifunzaji anayejipima kwa sentensi zenye mapengo hudumisha msamiati kwa muda mrefu kuliko yule anayerudia kusoma daftari lake, na yanaeleza ni kwa masharti gani faida hiyo hupatikana. Hoja kuu ni kwamba si kila pengo ni jaribio la kumbukumbu. Pengo huwa na manufaa kwa kiasi kile tu ambacho jibu linatoka kichwani mwa mjifunzaji na si katika ukurasa ulio mbele yake. Katika Kiswahili suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi huweza kulifichua neno lililofichwa. Makala yanachambua njia za ufichuaji huo, yanaonesha namna ya kuunda pengo lisilofichua kwa kutumia mfano wa nomino kizibo, na yanabainisha mipaka ya mbinu yenyewe.

Maneno muhimu: msamiati, kumbukumbu, kujaza mapengo, upatanisho wa kisarufi, mrejesho

1.0 Utangulizi

Swali linalojadiliwa katika makala haya lilizaliwa darasani. Mwandishi alipokuwa akiwafundisha Kiswahili watu wazima wasio wenyeji wa lugha hii, alizoea kufunga kila somo kwa zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Juu ya ukurasa kulikuwa na kisanduku chenye maneno mapya, na chini yake sentensi zenye mapengo. Wanafunzi walijaza kwa haraka, aghalabu bila kosa hata moja. Majuma mawili baadaye, wanafunzi wale wale waliombwa kuyataja maneno yale yale kwa kuoneshwa vitu vyenyewe. Wengi walinyamaza. Baadhi walikumbuka kwamba neno lilianza na ki- lakini hawakukumbuka kilichofuata.

Matokeo hayo yalionekana kupingana na yale yanayosemwa katika taaluma ya saikolojia ya ujifunzaji, kwamba kujipima hushinda kurudia kusoma. Wanafunzi walikuwa wamejipima, tena kila siku. Kama kujipima kwao hakukuzaa matunda, basi ama dai la wanasaikolojia halina mashiko katika ujifunzaji wa Kiswahili, ama zoezi lile halikuwa jaribio lilivyodhaniwa kuwa. Makala haya yanatetea jibu la pili. Ili kulifikia, ni lazima kwanza tuutazame ushahidi wenyewe, kisha tuchunguze ni kazi gani hasa ambayo pengo humtaka mjifunzaji aifanye.

Katika makala haya, zoezi la kukumbuka ni kazi yoyote inayomtaka mjifunzaji alitoe neno au maana yake kichwani mwake kabla ya kuoneshwa jibu. Kurudia kusoma ni kulipitia tena neno pamoja na maana yake, vyote viwili vikiwa vimekwisha kuandikwa mbele ya macho.

2.0 Maneno ya Kiswahili katika Maabara za Saikolojia

Ni jambo la kuvutia kwamba mojawapo ya majaribio yanayotajwa mara nyingi katika uwanja huu lilifanywa kwa maneno ya Kiswahili. Sababu yake si mapenzi ya lugha. Watafiti walihitaji maneno ambayo wanafunzi wa vyuo vya Marekani hawakuwa na ujuzi nayo, lakini ambayo yanaandikwa kwa herufi walizozizoea na kutamkika bila shida. Nelson na Dunlosky walichapisha mwaka 1994 orodha ya jozi 100 za maneno ya Kiswahili na tafsiri zake za Kiingereza, pamoja na vipimo vya ugumu wa kila jozi. Tangu hapo orodha hiyo imekuwa malighafi ya tafiti nyingi za kumbukumbu.

Karpicke na Roediger (2008) waliwapa wanafunzi jozi 40 za namna hiyo, mojawapo ikiwa neno mashua na tafsiri yake. Wote walipitia vipindi vya kusoma na vya kupimwa kwa kupokezana. Tofauti ilihusu jambo moja: neno lililokwisha kukumbukwa mara moja litendewe nini. Kundi la kwanza liliendelea kulisoma na kupimwa. Kundi la pili liliacha kulisoma lakini likaendelea kupimwa. Kundi la tatu liliendelea kulisoma lakini halikupimwa tena. Kundi la nne liliacha yote mawili.

Mwishoni mwa kikao makundi yote yalikuwa sawa. Kila moja lilikuwa limeyamudu karibu maneno yote. Baada ya juma moja hali ilibadilika. Makundi mawili yaliyoendelea kupimwa yalikumbuka takribani asilimia 80 ya maneno. Kundi lililoendelea kusoma bila kupimwa lilikumbuka asilimia 36, na lile lililoacha yote lilikumbuka asilimia 33. Yaani, baada ya neno kukumbukwa mara moja, kuendelea kulisoma hakukuongeza karibu chochote, ilhali kuendelea kulikumbuka kulizidisha matokeo zaidi ya maradufu.

Jambo la pili lililojitokeza katika utafiti huo linamhusu kila mwalimu. Kabla ya kuondoka, wanafunzi walitakiwa kukisia wangekumbuka maneno mangapi baada ya juma. Makundi yote manne yalikisia takribani nusu. Hakuna aliyehisi kwamba njia aliyopitia ilikuwa bora au dhaifu kuliko nyingine. Kwa hiyo mjifunzaji mwenyewe si shahidi wa kutegemewa kuhusu kilichomsaidia, na ripoti ya utafiti inayotegemea hojaji za kuridhika kwa wanafunzi pekee haiwezi kulijibu swali hili.

3.0 Kwa Nini Kurudia Kusoma Hudanganya

Anayerudia kusoma huona maendeleo ya kweli, ila ni maendeleo ya kitu kingine. Kila anapolipitia tena neno, jicho hulitambua kwa wepesi zaidi. Wepesi huo huutafsiri kuwa ni kujua. Hata hivyo, kulitambua neno lililokwisha kuandikwa na kulileta neno ambalo halipo ni kazi mbili tofauti, na mazungumzo huidai hiyo ya pili.

Udanganyifu huu hukolezwa na ukweli kwamba kwa muda mfupi kurudia kusoma hushinda. Roediger na Karpicke (2006) waliwapa wanafunzi matini fupi za maarifa. Kundi moja lilisoma katika vipindi vinne mfululizo, na kwa wastani lilipitia matini takribani mara 14. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja tu, mara 3 na ushei, kisha likatumia vipindi vitatu kuandika kila lililolikumbuka. Baada ya dakika 5, wasomaji walikumbuka asilimia 83 na waliojipima asilimia 71. Baada ya juma moja wasomaji walishuka hadi asilimia 40, ilhali waliojipima walibaki na asilimia 61. Jaribio hilo lilihusu matini na si msamiati, lakini linatufundisha jambo la kimbinu: mtafiti anayepima mwishoni mwa kipindi cha darasa anaweza kufikia hitimisho lililo kinyume kabisa na la mtafiti anayerudi baada ya siku saba.

Ni nini basi hutokea neno linapokumbukwa? Maelezo yaliyotolewa ni zaidi ya moja, nayo hayapingani. La kwanza ni kwamba kukumbuka ni kuipita njia ile ile itakayohitajika baadaye, kutoka kwenye dokezo kwenda kwenye neno. Anayesoma haipiti njia hiyo, kwa kuwa neno humfikia pamoja na dokezo lake na hakuna la kutafuta. La pili linahusu madaraja ambayo mjifunzaji hujijengea. Pyc na Rawson (2010), ambao nao walitumia maneno ya Kiswahili, waliwataka wanafunzi wabuni kiungo kati ya kila neno na tafsiri yake. Kwa mfano, neno wingu linafanana kwa sauti na neno la Kiingereza lenye maana ya bawa, na bawa humpeleka mtu kwa ndege, na ndege hupaa penye mawingu. Waliopimwa walivikumbuka viungo vyao vizuri zaidi na walivitumia kwa ufanisi zaidi kuliko waliosoma tu. Anayejaribu kuvuka na kushindwa hugundua kwamba daraja lake ni bovu na hulibadilisha. Anayesoma tu hana namna ya kugundua, kwani halivuki kamwe.

4.0 Pengo Humdai Mjifunzaji Nini?

Mbinu ya kuacha mapengo katika matini haikubuniwa kwa ajili ya kufundisha. Taylor aliileta mwaka 1953 kama kipimo cha usomekaji wa matini: kadiri wasomaji walivyoweza kubashiri maneno yaliyofutwa kwa kufuata maneno yaliyobaki, ndivyo matini ilivyohesabiwa kuwa rahisi. Tuzingatie hapo kwamba kipimo cha Taylor kilitaka jibu litoke katika matini. Zoezi la kudumisha msamiati linataka kinyume chake: jibu litoke katika kumbukumbu. Anayeikopa mbinu hiyo bila kuibadilisha huchukua pamoja nayo tabia ya matini kufichua kilichofutwa.

Hivyo basi, kwa kila pengo inafaa kuuliza swali moja: ni sehemu gani ya jibu inayotoka kichwani, na ni sehemu gani inayotoka kwenye ukurasa? Kwa kutumia swali hilo tunaweza kulirudia zoezi lililotajwa katika utangulizi na kuona lilikosea wapi.

4.1 Kisanduku cha Maneno na Upatanisho wa Kisarufi

Tuchukue zoezi lenye kisanduku cha maneno manne: kizibo, magodoro, mshumaa, nyavu. Sentensi zake ni hizi:

(1) ____ cha chupa kimepotea.
(2) ____ yote yamelowa kwa mvua.
(3) ____ za wavuvi zimechanika.
(4) ____ umezimika kwa upepo.

Kwa mtazamo wa kwanza zoezi ni zuri. Sentensi ni za kawaida na kila pengo lina jibu moja tu. Lakini tumfikirie mwanafunzi asiyejua maana ya neno lolote kati ya hayo manne, ila anajua viambishi vya ngeli. Katika sentensi ya (1), cha na ki- vinataka neno linaloanza na ki-, nalo ni moja tu. Katika ya (2), ya- inamwelekeza kwenye umbo la ma-. Katika ya (4), u- inaweza kuchukua mshumaa. Linalobaki, nyavu, linaingia katika ya (3) kwa kuwa hakuna jingine. Mwanafunzi huyo atapata alama zote nne bila kukumbuka chochote. Alichofanyia mazoezi ni upatanisho wa kisarufi, ambao ni jambo la maana, lakini si msamiati.

Hapa kuna mianya miwili iliyounganika. Wa kwanza ni kisanduku, ambacho huigeuza kazi ya kulileta neno kuwa kazi ya kulichagua, na kuruhusu jibu la mwisho lipatikane kwa kuondoa mengine. Mwanya huu hupatikana katika lugha yoyote. Wa pili ni wa lugha zenye ngeli kama Kiswahili. Nomino huacha alama zake katika vivumishi, vimilikishi na vitenzi vinavyoandamana nayo, hivyo hata ikifutwa, nyayo zake hubaki katika sentensi nzima.

Majaribio ya maabara yaliyotajwa hayakukutana na mwanya huo, kwa sababu yalitumia nomino pwekepweke zilizoambatanishwa na tafsiri. Anayehamisha matokeo yake katika sentensi za Kiswahili ndiye anayekutana nao. Hali hiyo inaeleza pia ule ukumbukaji nusunusu wa wanafunzi. Waliokumbuka kwamba neno lilianza na ki- walikuwa wamebaki na sehemu ile ile ambayo zoezi liliwafanya waishughulikie.

Kuondoa kisanduku na badala yake kutoa herufi ya kwanza, kama ifanyikavyo katika mazoezi ya lugha nyingine, hakusaidii sana. Herufi ya kwanza ya nomino nyingi za Kiswahili ni ya kiambishi awali cha ngeli. Anayepewa k hajapewa dokezo la neno bali la ngeli. Kama dokezo ni la lazima kwa mwanafunzi aliyekwama, afadhali lihusu shina: silabi -zi- katika kizibo, au -shu- katika mshumaa.

4.2 Muktadha wa Sentensi na Mwelekeo wa Kumbukumbu

Swali la pili ni kiasi cha muktadha. Van den Broek na wenzake (2018) walilinganisha aina mbili za sentensi zilizobeba neno geni ambalo mjifunzaji alikuwa amekwisha kufundishwa. Mfano wao ni neno funguo. Katika aina ya kwanza sentensi ilisema tu kwamba msemaji anahitaji funguo. Katika aina ya pili ilitanguliwa na maelezo kwamba anataka kufungua mlango. Sentensi ya pili ilieleweka kwa urahisi zaidi wakati wa mazoezi, lakini waliofanya mazoezi kwa sentensi isiyo na maelezo, na wakapewa mrejesho, ndio waliokumbuka vizuri zaidi baadaye. Pale ambapo mlango ulitajwa, maana ya funguo ilipatikana kwa kukisia; hapakuwa na haja ya kuikumbuka.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba sentensi zote za mapengo zinyimwe muktadha. Katika utafiti huo neno lilikuwepo na kilichotafutwa ni maana. Katika pengo la kawaida mambo ni kinyume: maana inapaswa kueleweka na kinachotafutwa ni umbo la neno. Mtu asiyelijua neno kizibo hawezi kulibuni hata akipewa aya nzima kuhusu chupa. Muktadha hapo haufichui jibu bali unalenga swali, kama ambavyo tafsiri au picha ingefanya. Ukipunguzwa mno, pengo hupokea majibu mengi. Sentensi “Nimenunua ____” inaruhusu kila kitu kilichomo sokoni, na mwanafunzi anayejibu sukari hajakosea.

Tunaweza kulifupisha jambo hili hivi. Zoezi la kutafuta umbo la neno linahitaji muktadha unaoibainisha maana kikamilifu na usiobeba alama yoyote ya umbo. Zoezi la kutafuta maana ya neno lililoandikwa linahitaji muktadha usiosema mengi kuhusu maana hiyo. Mwelekeo ukichanganywa, ushauri ulio sahihi kwa upande mmoja huharibu upande wa pili.

5.0 Mfano: Kuliundia Pengo Neno Kizibo

Tuutumie uchambuzi huo kwa neno moja. Mwalimu anataka wanafunzi walidumishe neno kizibo, kwa maana ya kitu kinachoingizwa katika mdomo wa chupa ili kilichomo kisitoke.

Jaribio la kwanza ni sentensi ya (1) hapo juu, ambayo tumekwisha kuiona kasoro yake: cha na kimepotea vinafichua ngeli. Njia rahisi ya kuondokana na upatanisho ni kuiweka nomino mahali isipouamrisha, hasa nafasi ya yambwa pasipo kiambishi cha yambwa katika kitenzi, au baada ya maneno kama kwa, bila na na.

Jaribio la pili basi linaweza kuwa: “Ili asali isimwagike, izibe chupa kwa ____.” Alama za ngeli zimetoweka, lakini mwanya mwingine umefunguka. Kitenzi izibe kimebeba mzizi -zib-, ambao ndio uliozaa kizibo. Mwanafunzi anayejua unyambulishaji ataunganisha mzizi huo na ki- na -o bila kukumbuka neno. Kwa kuwa nomino nyingi za Kiswahili zimetokana na vitenzi, mwandishi wa sentensi hana budi kukagua kama kitenzi mzazi kimejipenyeza.

Jaribio la tatu: “Chupa hii haina ____, na sisimizi wameingia ndani.” Hapa hakuna ngeli wala mzizi, lakini kifuniko nacho kinakubalika. Mwanafunzi anayeandika kifuniko amekumbuka neno halisi linalofaa, naye akisahihishwa kuwa amekosa atapoteza imani na zoezi.

Jaribio la nne: “Alisukuma ____ ndani ya mdomo wa chupa ili mafuta yasimwagike.” Kifuniko hufunika juu na hakisukumwi ndani, hivyo maana imebainika. Hakuna neno lililopatanishwa na kizibo, na mzizi wake haupo popote. Kilichobaki ni cha kukumbukwa, chote.

Baada ya neno kukumbukwa mara kadhaa katika pengo la namna hiyo, upatanisho unaweza kurudishwa, safari hii ukiwa sehemu ya jibu na si sehemu ya swali: “____ __a chupa __mepotea.” Mwanafunzi hujaza nomino kwanza, kisha anaitumia nomino aliyoikumbuka kupata ch- na ki-. Mpangilio huo unafuata namna msemaji anavyofanya, kwani katika mazungumzo nomino ndiyo inayoleta upatanisho.

Kuhusu idadi ya marudio, Rawson na Dunlosky (2011) walipendekeza mjifunzaji alikumbuke kila jambo kwa usahihi mara tatu katika kikao cha mwanzo, kisha alijifunze upya mara tatu katika vikao vilivyoachana. Kwa kizibo hilo linamaanisha kwamba, baada ya kuoneshwa kitu chenyewe na kusikia jina lake, mwanafunzi apitie maneno mengine kadhaa kabla ya kujaribu kulikumbuka. Kulikumbuka papo hapo, likiwa bado linasikika masikioni, hakumdai chochote. Vikao vya baadaye vinaweza kuwekwa kesho yake, baada ya juma, na baada ya mwezi.

Kila jaribio lifuatwe na jibu sahihi, bila kuchelewa mno. Mwanafunzi aliyeandika kizima badala ya kizibo, na asiyesahihishwa, amelifanyia mazoezi kosa lake.

Huenda ikahojiwa kwamba ni bora mwanafunzi atunge sentensi yake mwenyewe, kwani kutunga hudai fikra pana zaidi kuliko kujaza pengo. Folse (2006) alilichunguza suala hilo kwa wajifunzaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Maneno yaliyofanyiwa mazoezi matatu ya kujaza pengo yalikumbukwa vizuri zaidi kuliko yaliyotungiwa sentensi moja. Wingi wa safari za kulirudia neno ulikuwa na uzito zaidi ya upana wa kazi ya mara moja.

6.0 Mipaka ya Mbinu na Dalili za Kushindwa

Mbinu hii ina mipaka, na baadhi yake huweza kutambuliwa na mwalimu makini bila vifaa vyovyote.

Mpaka wa kwanza unahusu mwanafunzi ambaye hakumbuki karibu neno lolote. Pale anaposhindwa mfululizo na asipewe jibu, hakuna anachojifunza, na katika hali hiyo kurudia kusoma humfaa zaidi. Dalili yake ni mapengo mengi yaliyoachwa matupu. Tiba yake si kurudisha kisanduku cha maneno bali kupunguza idadi ya maneno mapya na kufupisha muda kati ya kuona neno na kulikumbuka.

Mpaka wa pili unawahusu waliofaulu. Sentensi moja ikirudiwa mara nyingi, mwanafunzi huanza kuitambua sentensi yenyewe. Akiona alisukuma na mdomo wa chupa, mkono huandika kizibo kabla hajasoma hadi mwisho. Ukurasa umerejea kujibu kwa mlango wa nyuma. Hilo hutambulika kwa kubadilisha sentensi: anayelijua neno atalileta katika sentensi mpya, kama vile “Birika la chai la safari halikaziki bila ____,” na aliyeikariri sentensi atakwama. Kwa sababu hiyo kila neno liwe na sentensi mbili au tatu za kupokezana, na kipimo cha mwisho katika utafiti kitumie sentensi ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona.

Mpaka wa tatu ni wa upana wa maarifa. Pengo hulifanyia mazoezi umbo la neno na uhusiano wake na maana moja. Halimfundishi mwanafunzi matamshi, wala maana za kitamathali, wala ni lini mzungumzaji angelichagua neno jingine. Hayo hutafutwa katika usomaji na mazungumzo, ambako neno lililokwisha kudumishwa hukutana na mazingira yake.

7.0 Hitimisho

Wanafunzi waliotajwa mwanzoni hawakukanusha dai kwamba kukumbuka hushinda kusoma. Zoezi lao lilikuwa na sura ya jaribio, lakini kisanduku kiliwapa maneno, na viambishi vya ngeli viliwaonesha pa kuyaweka. Walichofanya kwa kweli kilikuwa karibu zaidi na kurudia kusoma, na walikumbuka kwa kiwango cha waliorudia kusoma.

Kutokana na uchambuzi huu kuna jambo moja la kuzingatiwa katika tafiti za ufundishaji wa Kiswahili. Ripoti inayosema tu kwamba kundi la majaribio lilitumia mazoezi ya kujaza mapengo haijaeleza vya kutosha ni kazi gani waliyoifanya washiriki. Ni sharti ioneshe sentensi zenyewe, ieleze kama maneno yaliorodheshwa kando, ibainishe kama upatanisho au mzizi wa neno ulionekana ndani ya sentensi, itaje kama mrejesho ulitolewa, na iseme ni siku ngapi zilipita kabla ya kipimo cha mwisho. Bila taarifa hizo, matokeo yanayoonesha kwamba kujipima hakukusaidia huenda yakawa yamepima kitu kingine kabisa, na mtahini hatakuwa na namna ya kujua.